Sauti ya mwalimu inayoisha kila Ijumaa

*"Shikamoo daktari. Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi, wanafunzi 92 chumba kimoja, vipindi sita kwa siku, na mchana nabaki na masomo ya ziada hadi saa 11 jioni. Jumatatu sauti yangu ni nzuri. Jumatano inaanza kukwaruza, Ijumaa imekauka kabisa, nafundisha kwa kunong'ona. Jumamosi kuna mazoezi ya kwaya na Jumapili naimba. Nimekunywa maji, tangawizi na asali, nimemung'unya pipi za kikohozi, sioni mabadiliko. Nifanye nini kila siku ili nifike Ijumaa nikiwa na sauti?"*

Marahaba, mwalimu. Nianze na neno lako mwenyewe, "imekauka", kwa sababu nadhani ndilo linalokupoteza njia kila wiki. Sisi sauti ikipotea tunasema imekauka, na kitu kilichokauka dawa yake ni kukilowesha. Ndipo yanapoingia maji, tangawizi na asali. Lakini nikimpitishia mwalimu wa Ijumaa kamera nyembamba puani na kutazama chini kwenye koo, ninachokiona mara nyingi si ukavu. Nyuzi za sauti za mtu mzima asiye na tatizo ni nyeupe, kingo zake zimenyooka. Za mwalimu wa Ijumaa zina wekundu, kingo zimejaa, na akisema "iii" hazifungi sawasawa, pana mwanya unaovujisha pumzi. Zimevimba. Na kilichovimba kwa kugongwa hakiponi mpaka kipunguziwe kugongwa, hata ukinywa ndoo nzima ya maji.

Weka kidole mbele ya shingo, kwenye kongomeo, useme "mmm". Mtetemo unaousikia ni nyuzi mbili zinazokutana na kuachana. Kwa mwanamke anayezungumza kwa sauti yake ya kawaida zinakutana kiasi cha mara 200 kwa sekunde. Kwa mwanamume ni kama mara 120. Sasa chukua kipindi chako kimoja cha dakika 40. Tuseme nusu yake anayezungumza ni wewe. Katika hizo dakika 20 toa vituo, toa muda wa kuvuta pumzi, toa herufi zisizotetemesha koo kama s, f na t, zibaki tuseme dakika 10 za mtetemo wenyewe. Sekunde 600 mara 200 ni migongano 120,000. Kwa vipindi sita ni 720,000, na hapo sijagusa masomo ya ziada, paredi, wala kuwaita watoto wako waje kuoga.

Hayo ni makadirio, lakini yanakupa picha. Nyuzi zimeumbwa kwa kazi hiyo na idadi peke yake haiziangushi haraka. Kinachoziumiza zaidi ni nguvu ya kila pigo. Ukipiga makofi ya adabu mkutanini kwa dakika tano, viganja viko salama. Ukipiga ya harusini kwa dakika hizo hizo, vinawaka moto. Kila unapopaza sauti, nyuzi zinagongana kwa nguvu zaidi, na ukipaza sauti huwa inapanda juu pia, kwa hiyo zinagongana mara nyingi zaidi kwa sekunde ile ile. Unalipa mara mbili.

Baada ya hapo uvimbe unajilisha wenyewe. Uzi uliovimba ni mzito, hautetemeki vizuri kwa pumzi ndogo, kwa hiyo unausukuma. Ukiusukuma unavimba zaidi. Ndiyo maana Jumatano unakwaruza na Ijumaa huna kitu, ingawa Ijumaa hujafundisha zaidi ya Jumatatu.

Usiku nyuzi hujitengeneza. Watu waliopimwa baada ya kusoma kwa sauti kwa saa mbili mfululizo walirudi katika hali yao kamili baada ya saa 12 hadi 18 hivi. Linganisha na siku yako. Ukiacha kuzungumza saa 9 alasiri na ukaanza tena saa 1:30 asubuhi, nyuzi zimepata saa 16 na nusu. Ukiacha saa 11 jioni zimepata 14 na nusu, ambazo bado zinaweza kutosha kama jioni yako ni ya utulivu. Ukifika nyumbani ukapiga simu mbili ndefu huku televisheni inavuma, saa za kupona zimeanza kuhesabiwa saa 3 usiku. Deni dogo la Jumatatu linalala na wewe, linaamka na wewe Jumanne, na mwisho wa wiki, badala ya kulilipa, unalipeleka kwaya.

Kwa hiyo nitakuandikia mambo machache tu, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote yanayofuata.

Acha kushindana na kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, pua na koo, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mwalimu analo mwilini bila kujua: mtu akisikia kelele hupaza sauti yenyewe, bila kuamua. Hupandi kwa sababu una hasira au kwa sababu watoto ni wakorofi. Unapanda kwa sababu masikio yako yameliamuru koo. Na watoto nao wana masikio. Wewe ukipanda, wao wanapanda ili wasikilizane, na wewe unawafuata. Kwa hiyo kujiambia "leo nitazungumza polepole" hakufui dafu mbele ya watoto 92, ambao ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Inabidi kelele ishuke kwanza, ndipo koo lifuate.

Kushusha kelele kunataka ishara isiyotoka kooni. Chagua moja na usiibadilishe. Mimi napenda hii: unakwenda kusimama mahali pamoja palepale kila siku, pembeni ya ubao kwa mfano, unainua mkono, unanyamaza. Kiranja akikuona anapiga makofi matatu, darasa linajibu makofi mawili, mikono inashuka mezani. Husemi neno mpaka ukimya uingie. Wiki ya kwanza utasimama hapo dakika nzima, pengine mbili, na utajiona unachekesha. Usiongeze "nyamazeni!" hata mara moja, maana watoto watajifunza kwamba mkono hauna maana na kwamba wakisubiri kidogo kelele ya mwalimu itakuja. Kufikia wiki ya tatu madarasa mengi yanatulia kwa sekunde chache. Walimu hunilalamikia kwamba wanapoteza muda. Ukweli ni kwamba muda ule ule walikuwa wanaupoteza kwa kupiga kelele, ila haukuwa unaonekana.

La pili ndani ya hilo ni umbali. Sauti hupungua kadiri inavyosafiri. Uwanjani, pasipo kuta, ukipunguza umbali kwa nusu msikilizaji anaipata ikiwa na nguvu zaidi kwa desibeli 6. Darasani kuta na bati hurudisha sauti, faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Ukisimama ubaoni, mtoto wa dawati la mwisho yuko mita 8 na unampigia kelele yeye, huku wa mbele anaziba masikio. Ukisimama katikati ya chumba, kwenye njia kati ya madawati, hakuna aliye mbali na wewe zaidi ya mita 4 au 5. Maelekezo yote ya maana yatoe hapo. Ubao uwe mahali pa kuandikia tu.

Na ukiandika, nyamaza. Najua hii ni ngumu kwa sababu mikono na midomo ya mwalimu imezoea kwenda pamoja. Lakini ukizungumza ukiwa umewapa mgongo, sauti inagonga ubao, shingo umeikunja, na vumbi la chaki liko sentimita 20 kutoka puani. Andika mstari, geuka, ndipo useme. Ubao futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Mvua ikipiga bati, mwalimu, kubali kushindwa. Hakuna koo linaloshindana na mvua ya masika juu ya bati lisilo na dari. Kuwa na kazi ya kimya iliyoandikwa tayari kwenye karatasi la manila, imekunjwa nyuma ya kabati: hesabu kumi, au ukurasa wa kusoma kimya na maswali matano. Mvua ikianza unaitundika. Vivyo hivyo paredi: uwanja hauna ukuta wa kukusaidia, kwa hiyo kusanya watoto kwa kengele au filimbi, na matangazo mwachie aliye na sauti siku hiyo.

Kama shule au wazazi wanaweza kuchanga, nunueni kipaza sauti kidogo kile cha kufunga kiunoni chenye maiki ya kuvaa kichwani, kama wanavyovaa wauza dawa za mende sokoni. Usicheke. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichukua walimu wenye sauti mbovu, wengine wakapewa kipaza sauti, wengine wakapewa mafunzo ya utunzaji wa sauti pekee, wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki sita waliopata nafuu ya wazi ni wenye kipaza sauti. Mimi natoa mafunzo hayo hayo kila siku, na naamini matokeo hayo. Ushauri husahaulika kipindi cha nne, kipaza sauti hakisahau. Sharti ni moja: ukikivaa, zungumza kama unazungumza na jirani wa kiti. Nimeona wanaokivaa na bado wanapaza.

Sasa mazoezi. Liko moja tu ninalowapa walimu wote, na linahitaji mrija wa soda na glasi ya maji.

Jaza maji nusu glasi. Tumbukiza mrija kiasi cha sentimita 2, yaani kama upana wa kidole gumba, usifikishe chini. Fumba midomo kuuzunguka usivuje. Vuta pumzi ya kawaida, kisha toa "uuu" kupitia mrija, kwa sauti ya wastani, kama unamwitikia mtu aliye chumba hicho hicho. Maji yatachemka. Unachotaka ni mapovu yanayotoka sawasawa kama uji unaotokota kwa moto mdogo. Yakiruka na kumwagika mezani, unasukuma. Yakikatika-katika, pumzi haijatulia. Bana pua kwa vidole ukiendelea: sauti ikibadilika au ikikatika, pumzi ilikuwa inapitia puani, rudia. Mtetemo uusikie midomoni na mashavuni. Ukiusikia umejikusanya kooni, au shingo imekaza, punguza nguvu.

Ukishaipata "uuu" hiyo, itoe mara tano au sita, kila moja sekunde tano. Halafu iteleze: anza chini, panda taratibu hadi juu unapofika bila kukaza, shuka, kama king'ora cha gari la zimamoto kinachosikika mbali. Mara tano. Halafu imba wimbo wowote unaoupenda wote kupitia mrija, bila maneno, melodi tu. Mwisho toa mrija, soma sentensi tatu za kitabu chako cha kiada kwa sauti, ukijaribu kuubakiza ule mtetemo wa midomoni. Hayo yote ni dakika tano. Kichwa kikizunguka, ulikuwa unapuliza sana, kaa kwanza.

Kwa nini kitu cha kitoto namna hii kifanye kazi? Mrija na maji vinazuia pumzi kidogo isitoke. Pumzi iliyozuiwa inarudisha msukumo nyuma, juu ya nyuzi, na msukumo huo unazisaidia zitetemeke bila kubamizana. Ni kama kuunyoosha msuli uliochoka badala ya kuubebesha gunia jingine. Unafanya dakika tano asubuhi kabla ya paredi, ili usianze kazi na nyuzi baridi. Unafanya dakika moja au mbili mapumziko ya uji, hata bila maji, mrija peke yake unatosha na hakuna atakayejua. Na dakika tano baada ya kipindi cha mwisho, hizi zikiwa za kushusha: teleza kutoka juu kuja chini tu. Walimu wengi hufanya ya asubuhi na kuacha ya jioni. Kama lazima uache moja, mimi ningekuomba uache ya asubuhi.

Kabla ya kulala, fanya kipimo. Hiki ndicho kitakachokuambia Jumanne kile ambacho koo lako linakuambia Ijumaa. Kaa mahali pa kimya. Chukua kipande kifupi cha wimbo wa kumbembeleza mtoto, ukiimbe juu kabisa, kwa sauti nyembamba, na kwa udogo unaoweza, kama vile mtoto amelala na hutaki kumwamsha. Sauti kubwa inaficha uvimbe kwa sababu unaisukuma ipite. Sauti ndogo ya juu haina pa kujificha: nyuzi zikiwa nzima inatoka papo hapo, safi. Zikiwa zimevimba kidogo inachelewa, unasikia pumzi kwanza halafu sauti inadakia. Zikiwa zimevimba zaidi inakatika katikati, au hutoi kitu ila upepo.

Weka daftari. Andika neno moja kila usiku: imetoka, imechelewa, imekatika. Tufuatilie wiki kama yako ilivyo sasa. Jumatatu usiku nadhani utaandika "imetoka". Jumanne baada ya masomo ya ziada utaandika "imechelewa", ingawa ukizungumza hakuna atakayegundua kitu. Hapo ndipo pa kuchukua hatua. Jumatano yako ibadilike: kipindi kimoja kiwe cha wao kusoma kwa zamu na wewe kusikiliza, kingine kiwe cha kazi za vikundi ambapo unapita meza kwa meza ukizungumza kwa sauti ya chini, na masomo ya ziada yawe ya kuandika na kusahihisha. Simu za jioni jibu kwa ujumbe. Jumatano usiku ukiandika tena "imetoka", umelipa deni likiwa dogo. Ukiandika "imekatika", Alhamisi punguza zaidi, na mwombe mwalimu wa mkondo wa pili mbadilishane kipindi kimoja. Ukisubiri mpaka Ijumaa hutakuwa na cha kupunguza.

Mengine nitayapita haraka.

Kunong'ona Ijumaa acha. Watu wengi wakinong'ona ili wasikike darasa zima hukaza koo kuliko wakizungumza. Sauti ya chini, laini, yenye mtetemo, ni salama zaidi. Kama haipo kabisa, siku hiyo andika ubaoni.

Kile kikohozi kifupi cha "ehm" cha kusafisha koo nacho kinazibamiza nyuzi kwa nguvu, na uvimbe ndio unaokufanya uhisi kuna kitu cha kusafisha, kwa hiyo hakiishi. Kila kikikujia, kunywa funda moja la maji, au meza mate kwa kukaza kidogo. Siku tatu za kwanza zitakutesa.

Maji hayagusi nyuzi za sauti. Yangezigusa ungepaliwa. Yanaingia tumboni, yanaingia kwenye damu, na saa kadhaa baadaye ute wa kooni unakuwa mwepesi. Kwa hiyo chupa unayomaliza saa 7 mchana haisaidii kipindi cha saa 7 mchana. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, mpaka mkojo uwe mweupe au njano hafifu. Nawafahamu walimu wanaojinyima maji makusudi kwa sababu ya hali ya vyoo vya shule, na siwalaumu, lakini nanyi jueni ndipo ute unapogeuka gundi. Mvuke wa maji ya moto kwa dakika tano jioni, ndio unaofika kwenye nyuzi zenyewe. Bakuli liwe mezani, usilipakate, na hauhitaji majani wala dawa ya kupaka ndani yake.

Tangawizi na asali ni chai nzuri, endelea nayo. Pipi za kikohozi zenye ubaridi ule wa kuchoma nina ugomvi nazo: zinatia ganzi, huhisi maumivu, unaendelea kupaza. Na aspirini kwa ajili ya koo la Ijumaa usimeze kwa kujiamulia, maana inafanya damu ivuje kwa urahisi, na mshipa mdogo kwenye uzi wa sauti unaweza kupasuka ukipiga kelele.

Kama unaamka asubuhi na sauti nzito na ladha chungu mdomoni, au una kiungulia, inawezekana asidi ya tumbo inapanda usiku. Kula chakula cha usiku muda wa saa tatu kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hivi. Mito miwili haifanyi kazi hiyo, inakunja tumbo tu. Na kama unatumia dawa ya pumu ya kuvuta, sukutua na uteme maji kila baada ya kuitumia, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huleta ukwaruzaji.

Tumebaki na kwaya. Sitakuambia uache. Lakini Jumamosi asubuhi fanya kile kipimo kabla ya kutoka nyumbani. Ikiwa imekatika, nenda mazoezini na daftari la nyimbo, fuata kwa macho na midomo, usitoe sauti. Ikiwa imechelewa, imba kwa nusu nguvu, na kama wewe ni wa sauti ya kwanza, noti za juu waachie wenzako. Usihamie sauti ya tatu na wanaume kwa sababu sauti imekuwa nzito. Huo uzito ni uvimbe, na kuusukumia chini kunachosha vilevile. Jumapili baada ya ibada ndiyo siku yako ya kukaa kimya, saa nne au tano mfululizo. Waambie nyumbani mapema wasidhani umenuna.

Wiki sita za namna hii zinatosha kujua. Ukwaruzaji unaokuja Ijumaa na kuisha kabisa Jumatatu ni uvimbe wa kazi, na kwa kawaida unafuata hesabu niliyokupa. Ila umeniandikia kwamba Jumapili unaimba, kwa hiyo sijui Jumatatu yako ni nzuri kweli au ni nzuri ukilinganisha na Ijumaa. Jichunguze. Uvimbe uliokaa miezi hugeuka vinundu, vidogo viwili vinavyotazamana katikati ya nyuzi, ni sugu kama za kiganja cha mwenye jembe. Dalili yake ni kwamba sauti ndogo ya juu haitoki hata baada ya likizo nzima. Vinundu navyo mara nyingi hupungua kwa mazoezi na kupunguza mzigo, bila kisu. Mtu akikuharakisha kufanyiwa upasuaji wa vinundu kabla hujajaribu hayo, tafuta daktari wa pili.

Usisubiri wiki sita iwapo sauti inakwaruza kwa wiki tatu hadi nne bila kupata hata siku moja nzuri, au imekatika ghafla katikati ya kelele moja, au unatema damu, unameza kwa shida, umepungua uzito, una uvimbe shingoni, au pumzi inatoa mlio. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kapimwe kifua kikuu kwanza, kwa sababu nacho hushuka mpaka kwenye nyuzi za sauti. Kwa hayo unamwona daktari wa masikio, pua na koo. Kamera inapita puani dakika chache, haina sindano ya usingizi, inawasha kidogo na kutoa machozi.

Ukija, njoo na lile daftari. Na omba miadi ya Ijumaa mchana baada ya vipindi, usije Jumatatu asubuhi. Jumatatu nyuzi zimeshapumzika, nitazikuta zinapendeza na nitakurudisha nyumbani na asali.